CK ikipanda sana baada ya mazoezi makali au ukiwa kwenye statini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana aliyerudi gimu baada ya miezi ya kukaa, akaamka siku ya tatu hawezi kukunja magoti. Wa pili ni mama au baba wa makamo anayemeza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila usiku, ambaye misuli imeanza kumuuma. Wote wameshika karatasi ya maabara yenye namba iliyowekewa mshale wa kwenda juu, na wote wanataka kujua kama figo zao ziko salama. Mara nyingi jibu halimo kwenye namba hiyo. Limo kwenye vipimo viwili vitatu ambavyo havikuombwa siku ile.

## Kuielewa namba

CK ni nini, na imefikaje kwenye damu yangu?

CK, ambayo maabara nyingine huiandika CPK, ni kifupi cha kriatini kinesi. Ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli za misuli na kuzisaidia kupata nguvu ya haraka. Kuta za seli zikipasuka au zikianza kuvuja, kimeng'enya hiki humwagika kwenye damu, na hapo ndipo maabara inapokiona. Kwa hiyo CK kubwa inakwambia kwamba kuna msuli ulioumia. Haikwambii umeumia kwa nini, wala haikupi habari yoyote ya figo.

Karatasi inasema mwisho ni 200, mimi nina 480 na sijafanya mazoezi yoyote. Ni ugonjwa?

Kwa Mwafrika, mara nyingi hapana. Watu Weusi wenye afya njema wana CK ya juu kuliko wengine, na wanaume kuliko wanawake. Mpaka wa 200 unaochapwa kwenye fomu nyingi haukuwekwa kwa kuwapima watu kama sisi. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu CK iliyopanda bila dalili ililitambua hilo: kwa mwanamume Mweusi ilipendekeza uchunguzi wa ugonjwa wa misuli uanze CK ikipita takriban 1,200, na kwa mwanamke Mweusi takriban 620. Kwa wasio Weusi namba hizo zilikuwa takriban 500 na 325.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiachishwa dawa ya moyo inayowafaa kwa CK ya 450 ambayo huenda walikuwa nayo tangu ujana. Ukipima siku ambayo huna maumivu na hujafanya kazi nzito kwa wiki nzima, hiyo ndiyo CK yako ya kawaida. Iandike mahali.

"Imepanda sana" inaanzia wapi?

Madaktari wengi huanza kutaja rabdomaiolisisi, yaani kuvunjika kwa misuli kwa wingi, CK ikifika mara tano ya mpaka wa maabara, ambayo ni kama 1,000. Lakini kwa mtu aliyetoka kwenye mazoezi magumu, 1,000 ni kitu cha kawaida kabisa. Hofu ya figo kwa kawaida huanza kuchukuliwa kwa uzito CK ikipita 5,000, na hata hapo wengi hawapati madhara yoyote. Kwa nini namba ileile inamwacha mmoja salama na kumlaza mwingine, tazama sehemu ya figo hapa chini.

## Baada ya mazoezi

Nilifanya mazoezi Jumamosi. Kwa nini CK ya Jumanne ni kubwa kuliko ya Jumapili?

Kwa sababu msuli haumwagi vyote kwa siku moja. CK huanza kupanda saa chache baada ya kuumia na kufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kwa mazoezi ya aina fulani, ambayo nayaeleza kwenye swali linalofuata, kilele huweza kuchelewa hadi siku ya nne au ya tano. Kisha, kama msuli umepumzishwa, hushuka karibu nusu kila siku.

Hili lina maana mbili. CK ndogo ya siku ya kwanza haikuhakikishii usalama, kwa hiyo mwenye dalili arudie kipimo. Na CK iliyokwisha kufika kileleni ikagoma kushuka inaashiria kwamba kuna kitu bado kinaumiza msuli: presha iliyojaa ndani ya mguu, dawa ambayo haijaachwa, maambukizi, au ugonjwa wa misuli wenyewe.

Ni mazoezi gani hasa yanayopandisha CK namna hii?

Yale yanayoulazimisha msuli ukaze huku unavutwa. Ukiteremka mlima, misuli ya mbele ya paja inakaza ili usianguke, na wakati huohuo goti linakunjika na kuirefusha. Ndivyo ilivyo pia unaposhusha uzito polepole, unapochuchumaa mara mia, au unapojishusha kutoka kwenye chuma ulichojivuta. Mvuto huo unachana nyuzi za msuli kuliko kupanda au kusukuma.

Ndiyo maana wapandaji wengi wa Kilimanjaro hulalamikia mapaja wakati wa kurudi. Mtu amepanda kwa siku tano au sita hadi mita 5,895, kisha kwa njia ya Mweka anateremka kote kule kwa siku moja na nusu. Mapaja yanayogoma geti la Mweka yameumizwa na kuteremka.

Jambo la pili ni ugeni wa zoezi. Msuli uliozoea kuteremka huumia kidogo sana mara ya pili, hata baada ya wiki kadhaa. Wanaofika hospitali kwa kawaida si wanariadha wazoefu. Ni waliorudi baada ya likizo ndefu, kuruti wa wiki ya kwanza, au mtu aliyepewa zoezi moja la kurudia mara nyingi mno kwa sababu mwalimu alitaka kumpima ubavu.

Nitatofautishaje maumivu ya kawaida ya mazoezi na yale ya hatari?

Maumivu ya kawaida huanza siku ya pili, huwa pande zote mbili, hupungua ukijinyoosha taratibu, na baada ya siku tatu nne yanaondoka. Unaumia lakini mguu unakutii.

Kinachotakiwa kukutoa nyumbani ni haya: mkojo umegeuka rangi ya strungi au ya soda nyeusi, msuli umevimba, umekuwa mgumu kama ubao na ngozi imevutika, mkono au mguu umekufa ganzi, huwezi kunyoosha kiwiko au kusimama kutoka kitini bila kushikwa, mkojo umekuwa mdogo sana tangu asubuhi, au unatapika, umechanganyikiwa, moyo unadunda ovyo. Lolote kati ya haya, nenda hospitali usiku huohuo. Aliyeanguka juani katikati ya mbio naye asisubiri kuona rangi ya mkojo.

## Figo zinaingiaje

Je, CK yenyewe ndiyo inayoharibu figo?

Hapana. CK ni shahidi tu. Anayeharibu ni mayoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya msuli, ambayo humwagika pamoja nayo. Mayoglobini ni ndogo, hupita kwenye chujio la figo na kuingia kwenye mirija ya mkojo. Mtu akiwa amekaukiwa maji na mkojo wake ni mzito wenye asidi, mayoglobini huganda na kuziba mirija hiyo. Madini ya chuma yaliyomo ndani yake huunguza seli za mirija, na mishipa midogo ya damu ya figo hujikaza. Hayo matatu yakikutana, figo husimama.

Walioueleza uhusiano huu waziwazi ni Eric Bywaters na Desmond Beall, London, mwaka 1941. Watu waliofukuliwa kutoka chini ya majengo yaliyopigwa mabomu walikuwa wakionekana wanaendelea vizuri, kisha mkojo unageuka rangi, unapungua, na baada ya siku chache wanafariki kwa figo.

Mayoglobini huondoka haraka kuliko CK, mara nyingi ndani ya siku moja. Kwa hiyo unaweza kufika hospitali mkojo umeshakuwa mweupe huku CK ikiwa bado 30,000, na figo zimeshapata pigo lake. Mkojo safi wa leo haufuti mkojo mweusi wa juzi. Mwambie daktari uliuona.

CK yangu ni 20,000. Figo lazima ziharibike?

La. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006, watu 203 wenye afya walifanyishwa zoezi la mkono mmoja tu: kukaza kiwiko kwa nguvu zote mara 50 huku kinavutwa. Siku nne baadaye, 51 kati yao walikuwa na CK zaidi ya 10,000. Hakuna hata mmoja aliyepata tatizo la figo. Walikuwa wazima, wamekunywa maji, hawakuwa juani, na hawakumeza vidonge vya kutuliza maumivu.

Ondoa sharti mojawapo kati ya hayo, na picha inabadilika. Joto na jasho hupunguza maji mwilini. Kuharisha au kutapika hufanya hivyohivyo. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mtiririko wa damu kuelekea figo wakati hasa figo zinauhitaji, na hizi ndizo dawa ambazo mtu mwenye mapaja yanayouma hukimbilia duka la dawa kununua. Kama ningeruhusiwa kukuomba jambo moja tu kwenye ukurasa huu mzima, ningekuomba hili: maumivu makali baada ya mazoezi, meza parasetamoli, uache diklofenaki. Kisukari, presha ya muda mrefu, umri mkubwa, na figo ambazo tayari zilikuwa dhaifu vyote vinaongeza hatari.

Madaktari hutumia mizani ya McMahon, iliyochapishwa mwaka 2013, kukadiria nani atahitaji kusafishwa damu au yuko hatarini kufariki. Inatazama umri, jinsia, kreatinini, kalsiamu, fosfeti, bikaboneti na chanzo cha tatizo. CK imo, lakini inahesabiwa tu ikipita 40,000. Na waliopata tatizo kwa mazoezi au kwa statini wanaanza na alama chache kuliko, kwa mfano, waliobanwa na ukuta.

Basi nipime nini zaidi ya CK?

Kreatinini, kwa sababu ndiyo inayosema figo zinachuja au hazichuji. Potasiamu, kwa sababu msuli uliopasuka huimwaga kwenye damu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo kabla hata figo hazijalalamika. Na mkojo kwa stripi pamoja na darubini. Hivi vitatu hupatikana kwenye hospitali nyingi za wilaya, hata pale ambapo CK yenyewe lazima ipelekwe mjini. Anayesubiri majibu ya CK kwa siku mbili ndipo aanze matibabu amekipa uzito kipimo ambacho hakikustahili.

Stripi ya mkojo imesema kuna damu nyingi, darubini inasema hakuna chembe nyekundu. Maabara imekosea?

Haijakosea, na jibu hilo lina thamani kubwa. Stripi haiwezi kutofautisha damu na mayoglobini, zote mbili huibadilisha rangi. Darubini inatafuta chembe zenyewe. Stripi ikiwaka na darubini ikakosa chembe, kuna rangi nyekundu iliyoyeyuka kwenye mkojo, na kwa mtu mwenye misuli inayouma hiyo ni mayoglobini hadi ithibitike vingine.

Kwetu kuna wengine wanaofanana nayo. Malaria kali, na dawa fulani kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, hupasua chembe za damu na kutoa mkojo mweusi wenye majibu hayohayo ya stripi. Hapo maji ya juu ya damu iliyotulia kwenye chupa huonekana ya waridi, na mgonjwa anapungukiwa damu, wakati mayoglobini huyaacha maji hayo na rangi yake ya kawaida. Mkojo mweusi wa umanjano unaotokana na ini, kwa upande wake, hauiwashi stripi sehemu ya damu. Usikubali kupewa dawa ya U.T.I. kwa mkojo wa strungi bila mtu kuuangalia kwenye darubini.

Naomba mfano mmoja, toka mwanzo hadi mwisho.

Mfano huu nimeutunga kwa kufuata mwenendo ambao wagonjwa wa namna hii huwa nao. Kijana wa miaka 29, kazi ya ofisini, hajafanya mazoezi kwa miezi minne. Jumatatu jioni anachuchumaa na kusimama mara 200, bila uzito wowote. Jumanne anaumwa. Jumatano hawezi kuchuchumaa chooni, anameza diklofenaki asubuhi na jioni. Alhamisi usiku anaona mkojo wa strungi, anakwenda hospitali.

CK ni 62,000. Kreatinini ni 141, wakati ya kijana kama yeye ingetakiwa isipite kama 110. Potasiamu ni 5.1, imekaribia juu lakini moyo kwenye kipimo cha umeme uko sawa. Stripi inaonyesha damu alama tatu, darubini haina chembe. Kalsiamu imeshuka kidogo. Inaachwa bila kuongezwa, kwa sababu imeingia kwenye misuli iliyoumia na itarudi yenyewe kwenye damu baadaye, wakati mwingine ikapitiliza.

Anawekewa dripu ya maji ya chumvi ya kawaida, lita ya kwanza haraka, kisha kasi inarekebishwa kwa kuangalia mkojo. Shabaha ni mkojo wa mililita 200 hadi 300 kwa saa, kwa hiyo kila tone linapimwa. Mapafu yanasikilizwa mara kwa mara, maana maji mengi kwa mtu ambaye figo zimegoma humzamisha. Diklofenaki inasimamishwa. Mapaja yanakaguliwa kila saa chache kama yanazidi kukakamaa.

Ijumaa CK ni 71,000, na familia inaingiwa hofu kwamba dripu haifanyi kazi. Lakini kreatinini imeshuka hadi 124 na potasiamu ni 4.5, na hizo ndizo zinazofuatwa. Jumamosi CK ni 40,000, Jumapili 21,000, Jumatatu 10,500, Jumanne 4,800 na kreatinini 90. Imeshuka chini ya 5,000 na inaendelea kushuka, dripu inatolewa, anarudi nyumbani. Kreatinini inarudiwa baada ya wiki moja.

Kama ingekuwa kinyume, CK inashuka lakini kreatinini inapanda, potasiamu inakaidi na mkojo unakauka, angepelekwa kwenye kusafisha damu. Figo za aina hii mara nyingi hurudi kufanya kazi baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo kusafishwa damu hapa hakumaanishi mashine ya maisha.

Je, nikinywa maji mengi nyumbani inatosha?

Kama mkojo ni wa rangi ya kawaida, huna dalili nilizozitaja juu, na CK iko kwenye maelfu machache huku kreatinini ikiwa nzuri, ndiyo: pumzisha misuli hiyo, kunywa hadi mkojo uwe wa njano hafifu, rudia vipimo baada ya siku moja au mbili. Usijilazimishe lita nyingi kwa mkupuo. Maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu na huweza kuleta degedege. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo asijitibu hivi.

AST na ALT zangu nazo zimepanda. Ini limeharibika?

Pengine ni msuli tu. AST imejaa kwenye misuli, na ALT kidogo, kwa hiyo zote mbili hupanda pamoja na CK. Mwombe daktari aongeze GGT na bilirubini: zikiwa sawa, ini halina hatia. Nalitaja kwa sababu watu hutafutiwa homa ya ini kwa miezi, na wengine kuachishwa statini, kumbe juzi yake walibeba mifuko ya saruji.

## Ukiwa kwenye statini

Misuli inauma tangu nianze atorvastatini. Niiache?

Usiiache kimyakimya, hasa kama umewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo. Pima CK kwanza, na soma swali linalofuata. Isipokuwa mkojo umegeuka rangi au miguu imeisha nguvu: hapo usimeze kidonge cha usiku huo, nenda hospitali.

Maumivu yapo kweli, lakini si kila maumivu yanatoka kwenye kidonge. Mwaka 2020 watafiti wa London walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa miezi ya statini, miezi ya kidonge kitupu, na miezi bila kidonge, bila wao kujua ni kipi kati ya vile viwili wanameza. Karibu asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwenye statini waliupata pia kwenye kidonge kitupu. Walikuwa wanaumia kweli. Kuvunjika kwa misuli kwa wingi kunakotokana na statini ni nadra sana, chini ya mtu 1 kwa kila 1,000.

CK ya kiasi gani inatosha kuacha statini?

Utaratibu wa kawaida ni huu. Ikipita mara kumi ya mpaka, yaani kama 2,000 kwa maabara yenye mpaka wa 200, statini inasimamishwa, kreatinini inapimwa, na CK inarudiwa hadi ishuke. Ikiwa kati ya mara nne na mara kumi na huna dalili, unaweza kuendelea huku ukifuatiliwa. Ukiwa na maumivu, inasimamishwa hadi itulie. Chini ya mara nne na huna dalili, endelea.

Hapa ndipo CK ya kawaida ya Mwafrika inapoleta utata. Mwanamume ambaye 600 ni kawaida yake anaweza kuvuka "mara nne" kwa kubeba ndoo tu. Miongozo mingi haimdai kila mtu apime CK kabla ya kuanza statini. Mimi, kwa wagonjwa wa huku kwetu, ningependelea ipimwe mara moja mwanzoni, ili baadaye mtu alinganishwe na nafsi yake.

Ni dawa gani hazipatani na statini?

Simvastatini na atorvastatini huvunjwa na kimeng'enya kimoja cha ini. Dawa nyingine ikikizuia kimeng'enya hicho, kidonge cha miligramu 40 kinakaa mwilini kama dozi kubwa mara kadhaa.

Anayenisumbua zaidi ni klarithromaisini, kwa sababu hutolewa kila siku kwa vidonda vya tumbo, wiki moja hadi mbili mfululizo, na anayeitoa mara nyingi haulizi kama una dawa ya kolesteroli. Simvastatini isimezwe kabisa siku hizo, na atorvastatini isimamishwe au ipunguzwe. Siku chache bila statini hazitakudhuru. Erithromaisini na dawa za fangasi kama itrakonazoli na ketokonazoli ziko kundi hilohilo. Azithromaisini haina shida hii.

Ya pili ni ARV zenye ritonaviri, yaani atazanaviri au lopinaviri za mstari wa pili. Simvastatini pamoja nazo ni marufuku, na statini nyingine zina mipaka ya dozi, kwa hiyo mwambie anayekuandikia. Dolutegraviri haina ugomvi na statini. Ya tatu ni amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na watu wengi: ukiwa nayo, simvastatini isizidi miligramu 20.

Mgonjwa wa statini anayefika figo zikiwa taabani mara nyingi ana hadithi hii: mtu mzima mwenye kisukari, figo tayari zimechoka, alikuwa salama na statini kwa miaka, kisha akaongezewa dawa mpya wiki mbili zilizopita.

Nipo kwenye statini na pia nilifanya mazoezi. Nitajuaje kipi kimepandisha?

Pumzika siku saba bila kazi nzito wala mazoezi, kisha pima tena. CK ya mazoezi itakuwa imeshuka sana hata kama hujaacha statini. Kama ilikuwa juu ya mara kumi, statini isimamishwe wakati unasubiri. Mara nyingi ni vyote viwili: wakimbiaji wa Boston Marathoni waliokuwa kwenye statini walipandisha CK kuliko wenzao wasioitumia.

Isiposhuka, pima tezi ya thairoidi kwa TSH. Thairoidi iliyolegea hupandisha kolesteroli na CK kwa pamoja. Mtu anaandikiwa statini kwa kolesteroli hiyo, misuli inauma, statini inalaumiwa, na chanzo kinabaki shingoni. Ikitibiwa, vyote viwili hushuka.

Nimeacha statini miezi miwili sasa, CK bado 6,000 na nashindwa kupanda ngazi.

Hii ni tofauti na yote yaliyotangulia. Maumivu ya kawaida ya statini huisha ndani ya wiki chache. Udhaifu wa mapaja na mabega unaoendelea, na CK ya maelfu isiyoshuka, huashiria kwamba kinga ya mwili imeanza kuishambulia misuli. Statini huweza kuianzisha, kisha inaendelea bila statini. Kuna kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya HMGCR, kimeng'enya kilekile ambacho statini hukizuia. Matibabu ni dawa za kutuliza kinga, na kwa kawaida statini hairudishwi tena. Omba rufaa kwa daktari wa baridi yabisi au wa mishipa ya fahamu.

## Hali za pekee

Nina jeni moja ya selimundu, si mgonjwa. Niogope mazoezi?

Usiogope, ila uanze taratibu. Utafiti wa mwaka 2016 kwa wanajeshi Weusi wa Marekani karibu 48,000 ulikuta wenye jeni moja wana hatari zaidi ya rabdomaiolisisi ya mazoezi, kwa asilimia 54, lakini hawakufariki zaidi ya wenzao. Siku ya kwanza usikimbizwe kwa kasi ya waliozoea, kunywa maji, na miguu ikiisha nguvu ghafla simama hapohapo, hata kama kocha anapiga kelele.

Niko kwenye dolutegraviri na kreatinini imepanda kidogo. Ni figo?

Dolutegraviri huzuia figo kutoa sehemu ya kreatinini, kwa hiyo namba hupanda kidogo katika wiki za mwanzo kisha hutulia, bila figo kudhurika. Lakini kama CK yako ni 15,000 na kreatinini imepanda tangu juzi, usiliweke kwenye dolutegraviri. Linganisha na kreatinini ya kliniki ya mwisho; mabadiliko ya siku mbili si ya dawa uliyomeza mwaka mzima.

Nirudi lini mazoezini?

CK irudi karibu na kawaida yako, kreatinini na mkojo viwe safi, na maumivu yaishe. Kisha anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya, au chini ya hapo. Ukirudiwa na mkojo mweusi mara ya pili, hasa kwa zoezi dogo, au kama tangu utotoni misuli hukakamaa ukikimbia, mwambie daktari atafute hitilafu ya kurithi ya misuli kama ugonjwa wa McArdle. Na ukiwa na ndugu mwenye historia hiyo, usisubiri mara ya pili.